Feni ikizima usiku wa kaskazi: chumba hupozwa mchana, usingizi hulindwa usiku

Wakazi wa Unguja hawajasahau kaskazi ya mwaka 2009. Desemba ya mwaka huo kebo ya umeme inayopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ilipata hitilafu, na kisiwa kikakaa bila umeme kwa takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Mwaka 2008 walikuwa wameshakaa gizani karibu mwezi mzima, lakini ile ilikuwa Mei na Juni, wakati hali ya hewa inaanza kupoa. Safari hii giza lilikuja pamoja na joto kali kuliko yote ya mwaka. Kebo mpya ya megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013, na shida ya namna ile haijarudi.

Upande wa Bara, mgao mzito wa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 umepungua tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha umeme Februari 2024. Lakini umeme haukatiki kwa sababu ya mgao peke yake. Transfoma huungua, nguzo huanguka, na laini ya mtaa huzidiwa jioni, pale kila nyumba inapowasha feni kwa wakati mmoja. Kwa maneno mengine, umeme una tabia ya kukatika usiku ule ule wa joto ambao tunauhitaji zaidi.

Makala haya yanahusu usiku huo mmoja: nini cha kufanya ili familia ilale, na iamke salama. Tutatumia mfano wa chumba cha kupanga cha aina iliyojaa Mbagala, Gongo la Mboto na Tandika: futi kumi kwa kumi na mbili, ukuta wa tofali za inchi sita, paa la bati, dari ya silingibodi, na dirisha moja la aluminiamu linaloangalia magharibi. Ndani wanalala baba, mama, mtoto wa miezi minane, na bibi aliyekuja kuuguza.

Kwa nini ndani kunachemka wakati nje kumepoa

Dar es Salaam katika Januari na Februari hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na usiku hushuka hadi kama nyuzi 25. Nyuzi 25 si joto la kumnyima mtu usingizi. Ukitoka nje saa nne usiku unaona kabisa kwamba kuna nafuu. Ukirudi ndani unakutana na joto jingine. Joto hilo si la usiku huo. Ni la alasiri, lililokuwa limehifadhiwa ukutani.

Tofali la saruji hunywa joto polepole na kulitoa polepole. Jua linapopiga ukuta wa magharibi kuanzia saa tisa alasiri, joto lake huchukua kama saa nne kupenya inchi sita hadi upande wa ndani. Kwa hiyo ukuta wa ndani unakuwa moto zaidi kati ya saa moja na saa nne usiku, yaani muda ule ule watu wanapotandika kitanda. Weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi saa mbili usiku, kisha kiweke kwenye ukuta wa mashariki. Tofauti utaihisi bila kipimo chochote.

Bati lina tabia nyingine. Mchana wa jua kali huweza kupita nyuzi 60, na linachemsha hewa iliyo kati yake na dari. Jua likizama, bati lenyewe hupoa haraka sana, lakini hewa moto iliyonaswa juu ya silingibodi haina pa kutokea kama matundu ya hewa chini ya paa yamezibwa. Mafundi wengi huziba matundu hayo kwa ajili ya popo na panya. Dawa ya popo ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, na si saruji.

Feni ikiwa inazunguka hatuyaoni haya. Feni haipozi chumba. Inaondoa tu hewa yenye unyevu iliyogandamana na ngozi na kuleta nyingine, jasho likauke. Upepo wa wastani wa feni humfanya mtu ajisikie kama joto limeshuka kwa nyuzi tatu hivi. Ikizima, nyuzi hizo tatu zinarudi mara moja, na chumba chenyewe kinajitokeza jinsi kilivyo. Kwa hiyo kazi kubwa ya usiku bila feni inafanyika kabla jua halijazama.

Kazi ya mchana

Katika chumba chetu jambo la kwanza ni kulizuia jua lisifike ukutani wala kwenye kioo. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, kwa kuwa jua likishavuka kioo joto limeshaingia. Kizuizi kinatakiwa kiwe nje. Kipande cha turubai au jamvi la makuti lililotundikwa nje ya dirisha, likiacha nafasi ya kiganja kimoja au viwili ili hewa ipite, linafanya kazi kuliko pazia zito la ndani. Mpangaji anaweza kulifunga asubuhi na kulifungua jioni bila kumsumbua mwenye nyumba. Mwenye nyumba kwa upande wake anaweza kupaka bati rangi nyeupe. Bati jeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua, na wapangaji wote wanapata nafuu kwa mkupuo mmoja.

Pili, funga dirisha na pazia kuanzia kama saa tano asubuhi, hewa ya nje inapokuwa moto kuliko ya ndani, na ufungue wakati mambo yamegeuka. Kwa Dar hiyo ni kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Watu wengi hufanya kinyume: wanaacha wazi mchana kutwa, kisha wanafunga magharibi kwa kuogopa mbu na wezi. Matokeo yake ni kwamba joto la mchana linafungiwa ndani usiku mzima. Kama dirisha lina nondo na wavu wa mbu ulio mzima, hakuna sababu ya kulifunga usiku. Shilingi chache za wavu mpya, unaobanwa kwa mpira kwenye fremu, ni matumizi ya maana kuliko feni ya pili.

Tatu, hewa inahitaji mlango wa kuingilia na wa kutokea. Dirisha la aluminiamu la kusukuma linafunguka nusu tu, na chumba chenye dirisha moja hakipati upepo hata kukiwa na upepo nje. Saa moja jioni, fungua mlango wa chumba na mlango wa ukumbi kwa muda kama wa saa moja, watu wakiwa macho, ili joto litoke. Usiku ukifunga mlango, tundu la juu ya mlango lenye nondo na wavu linabaki kuwa njia ya hewa. Upepo wa kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Mwenye kujenga akumbuke hilo anapoamua dirisha likae wapi.

Mwisho wa kazi za jioni ni kukisogeza kitanda. Kama kichwa cha kitanda kimeegemea ukuta wa magharibi, familia inalala kando ya ukuta unaotoa joto hadi usiku wa manane. Kisogeze upande wa mashariki, au angalau kiache futi mbili kutoka ukutani.

Maji: kwenye ngozi, si sakafuni

Wengi humwaga maji sakafuni au kutundika kanga mbichi dirishani. Mtu wa Dodoma akifanya hivyo atapata nafuu ya kweli, kwa kuwa hewa ya huko ni kavu na maji yanapokauka hupoza hewa. Pwani ni habari nyingine. Usiku wa kaskazi hewa ya Dar, Tanga, Mombasa au Unguja huwa imeshajaa unyevu, mara nyingi zaidi ya asilimia 80. Maji ya sakafuni yanakauka kwa shida, chumba hakipoi, na unyevu unaoongezeka unalizuia jasho lako lisikauke. Unaamka umelowa na joto liko pale pale.

Pwani maji yanafaa mwilini. Ngozi ina joto kuliko hewa ya usiku, kwa hiyo maji yaliyo juu ya ngozi yanakauka hata kama hewa ni nzito, na yanapokauka yanachukua joto la mwili. Oga kabla ya kulala kwa maji ya kawaida ya bomba au ya ndoo. Maji ya barafu yanaibana mishipa ya ngozi, na joto linabaki ndani. Ukitoka kuoga usijifute hadi kukauka. Weka ndoo ndogo na kitambaa karibu na kitanda, na kila unapoamka kwa joto, lowesha uso, shingo, mikono hadi kwenye viwiko, na miguu. Kisha jipepee kwa kipepeo cha ukindu au hata kipande cha boksi. Dakika mbili za kujipepea ukiwa na ngozi mbichi zinafanya kazi kubwa kuliko nusu saa ya kujigeuza kitandani.

Kitanda nacho kina mchango wake. Godoro la sponji halipitishi hewa, linashika joto la mgongo na kulirudisha. Wazee wetu walilalia kitanda cha kamba, hewa ikipita chini na juu. Ambaye hana kitanda hicho atandike mkeka juu ya godoro na shuka moja la pamba juu yake, au alale chini kwenye mkeka, kwa kuwa sakafu ya saruji isiyopigwa na jua ndiyo sehemu ya baridi kuliko zote chumbani, na hewa moto hupanda juu. Akilala chini, neti ishuke hadi sakafuni na ichomekwe chini ya mkeka pande zote.

Neti isivuliwe

Hapa ndipo usiku wa joto unapoanza kuwa wa hatari. Neti inapunguza upepo unaomfikia mtu kwa zaidi ya nusu, na feni ikizima kitu cha kwanza wengi wanachokifanya ni kuisukuma pembeni. Mbu anayeeneza malaria huuma zaidi usiku mkubwa hadi alfajiri, muda ambao mtu aliyeondoa neti amelala hoi.

Nafuu ipo katika umbo na mpangilio wa neti. Neti ya mstatili inayoning'inia kwa kamba nne inakaa mbali na mwili, hewa ya ndani yake ni nyingi, na mkono au mguu haugusi kitambaa. Ya duara inayoning'inia kwenye msumari mmoja huanguka juu ya miguu, na mbu huuma kupitia matundu pale ngozi ilipoigusa. Kama chumba kina feni ndogo ya betri, iingize ndani ya neti pamoja nawe, kwenye kiti kidogo au pembeni ya miguu. Upepo ambao haulazimiki kupenya neti unafika wote.

Wanaolala barazani au juu ya nyumba ya ghorofa, kama walivyozoea watu wa Lamu na wa Maskati kabla ya viyoyozi, wanapata hewa nzuri kuliko walio ndani. Nao wanahitaji neti, na kwenye paa la ghorofa wanahitaji ukuta wa pembeni unaofika kiunoni. Mtoto asilale upande wa ukingo, na mtu asiamke kwenda chooni bila tochi.

Hesabu ya feni ya betri

Feni ya kawaida ya kusimama inakula kama wati 50. Kuiendesha usiku kucha kwa betri kunahitaji kifaa cha kugeuza umeme na betri kubwa. Tuifanye hesabu. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa 100Ah imebeba wati-saa 1,200. Betri ya maji ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, la sivyo inakufa mapema, kwa hiyo zinabaki 600. Kifaa cha kugeuza umeme nacho kinameza sehemu, tuseme zinabaki 500. Gawanya kwa 50, unapata saa kumi. Ni usiku mzima, lakini gharama ni kubwa.

Familia ya chumba chetu haihitaji kufika huko. Feni ndogo inayochomekwa kwa waya wa USB inakula kama wati 5. Pawabenki iliyoandikwa 20,000mAh imebeba wati-saa 74, na baada ya upotevu wa njiani zinabaki kama 55 au 60. Hiyo ni zaidi ya saa kumi. Feni hiyo haitampepea mtu aliye upande wa pili wa chumba, lakini ikiwa ndani ya neti, futi mbili kutoka kwa mama na mtoto, inatosha. Angalia namba kabla ya kununua: pawabenki ya bei ya chini sana iliyoandikwa namba kubwa, lakini nyepesi mkononi, mara nyingi haina ujazo unaotajwa. Ijaribu mchana kwa feni yako na uhesabu saa.

Pawabenki isiwekwe chini ya mto wala ndani ya godoro, kwa kuwa betri za lithiamu zikikosa hewa hupata joto na zinaweza kuwaka. Ikivimba au kuwa moto usioshikika, itoe nje na usiitumie tena. Betri kubwa ya maji ya asidi isichajiwe chumba cha kulala. Inapochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni inayoshika moto kwa cheche moja.

Mwanga, moto na ufunguo

Neti nyingi ni za nyuzi za plastiki kama poliesta. Zikiguswa na moto zinayeyuka na kudondokea ngozi huku zikiwaka. Mshumaa kwenye stuli karibu na neti, dirisha likiwa wazi na pazia likipepea, ni ajali inayosubiri saa yake. Hatari inaongezeka kwa sababu mtu aliyechoka kwa joto anasinzia bila kupanga.

Taa ya sola au balbu ya kuchaji imeshuka bei kiasi kwamba familia nyingi zinaweza kumudu moja. Iweke juani kila siku hata kama umeme upo, kwa kuwa usiku wa kukatika hautangazwi. Kama mshumaa ndio uliopo, usimamishe katikati ya bakuli pana lenye maji kidogo au mchanga, sakafuni, mbali na pazia na neti, na uzimwe kabla mtu wa mwisho hajapanda kitandani. Kandili na koroboi zijazwe mchana, zikiwa zimezimika na kupoa. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli hulipuka, kwa hiyo usinunue mafuta ya taa kwenye chupa usiyoijua imetoka wapi.

Kuna jambo dogo linalosahaulika. Nyumba zetu zina nondo kila dirisha na kufuli kwenye geti. Moto ukitokea gizani, njia ya kutokea ni moja, nayo imefungwa. Ufunguo wa geti uwe kwenye msumari mmoja karibu na mlango, sehemu isiyofikiwa na mkono wa mtu aliye nje, na kila aliye mkubwa nyumbani aujue kwa kupapasa. Usikae kwenye mfuko wa suruali ya baba. Jaribuni mara moja mkiwa mmefumba macho: kutoka kitandani hadi kwenye msumari, hadi getini. Mkihangaika zaidi ya dakika moja, badilisheni mahali. Namba ya Zimamoto Tanzania ni 114.

Jenereta na jiko: sumu isiyonuka

Usiku wa giza, jirani mwenye jenereta huiweka kwenye korido au barazani ili isiibwe na isinyeshewe. Hapo ndipo inapoweza kuua. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliyelala haamki, kwa sababu haimwashi kooni wala haimkoholeshi.

Jenereta ikae nje kabisa, angalau mita sita kutoka kwenye dirisha au mlango wowote, pamoja na wa jirani, na bomba la moshi lielekee mbali na nyumba. Hofu ya mwizi inatatuliwa kwa mnyororo na kufuli. Kuizima kabla ya kulala ni bora zaidi, kwa kuwa hakuna anayeiangalia upepo ukigeuka.

Jiko la mkaa linatoa sumu hiyo hiyo, na linaendelea kuitoa hata makaa yanapokuwa mekundu bila moshi. Umeme ukikatika kabla chakula hakijaiva, watu huingiza jiko ndani kumalizia, kisha huliacha lijizimie. Jiko lipikiwe nje na lilale nje.

Dalili za kuijua sumu hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Kinachoitofautisha na malaria au uchovu ni kwamba inawapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, nao hupata nafuu wakitoka nje. Ukiona hivyo usitafute dawa ndani ya nyumba. Toa watu wote nje, acha milango wazi, na mpeleke hospitali aliyelegea au aliyepoteza fahamu, ukimweleza daktari kwamba kulikuwa na jenereta au mkaa. Anayehitaji oksijeni asicheleweshwe kwa matibabu ya malaria.

Mtoto na bibi

Katika chumba chetu wawili hawawezi kujitetea na joto. Mtoto wa miezi minane hutoa jasho kwa shida na hawezi kujifunua. Avalishwe nepi na fulana nyepesi tu, au nepi peke yake, alale chali, asifunikwe kichwa. Usipime joto lake kwa kushika viganja. Shika kifua au nyuma ya shingo: pakiwa pamoto na pamelowa, mpunguzie nguo na umfute kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Anyonyeshwe mara nyingi kuliko kawaida. Mtoto ambaye hajafika miezi sita apewe ziwa tu, maji hahitaji. Nepi inayokaa kavu kwa saa nyingi, utosi uliobonyea, au mtoto kulegea na kukataa ziwa ni sababu ya kwenda hospitali usiku huo huo.

Bibi naye ana shida nyingine: mzee anaweza kupungukiwa na maji bila kusikia kiu. Dawa za presha za kukojosha huongeza upungufu huo, ingawa haziachwi bila daktari kusema. Mpe maji kikombe kimoja kimoja jioni nzima, bila kungoja aombe, isipokuwa kama daktari amempangia kiasi maalumu. Usiku mwamshe mara moja na umwulize kitu rahisi, kama jina la mjukuu au siku ya leo. Akijibu ovyo, akiwa moto sana na amechanganyikiwa, hilo si usingizi. Ni mwili ulioshindwa kujipoza, na kila dakika ina thamani. Mmwagie maji mwilini, mpepee kwa nguvu, weka vitambaa baridi kwapani, shingoni na kwenye kinena, na tafuta usafiri wa hospitali huku ukiendelea kumpoza. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.

Umeme ukirudi saa nane usiku

Mama alikuwa ananyoosha sare ya shule saa moja na nusu jioni. Umeme umekatika, pasi imewekwa juu ya nguo, watu wametoka nje kupunga upepo. Saa nane usiku umeme unarudi, watu wamelala, na pasi inaanza kupata moto. Nyumba huungua hivyo bila mtu yeyote kucheza na moto. Hita ya kuchemshia maji iliyoachwa kwenye ndoo ni hivyo hivyo: maji yakiisha, plastiki inashika moto.

Kwa hiyo umeme unapokatika, kabla ya kutafuta tochi, chomoa pasi, hita, jiko la umeme na friji kwenye ukuta. Acha taa moja tu ikiwa imewashwa, ili ikujulishe umeme ukirudi. Ukirudi, subiri dakika tano hadi kumi kabla ya kuchomeka friji na feni, kwa kuwa mara ya kwanza umeme huja ukiyumba, na mara nyingi hukatika tena.

Mwenye nyumba anayesoma haya ana deni kwa wapangaji wake: wavu mzima kila dirisha, matundu ya hewa yaliyozibuliwa chini ya paa, na kopo la rangi nyeupe juu ya bati kabla kaskazi haijaanza. Mpangaji naye asingoje. Jioni ya leo, umeme ukiwa bado upo, tundika ufunguo mahali pake, chaji pawabenki, soma lebo ya feni, na mwambie jirani yako aitoe jenereta kwenye korido. Akikataa, mwambie tena, na mwambie mjumbe wa mtaa. Uhai wa watu waliolala hauna aibu.